Kutoka Mtaa wa Gizenga hadi Fumba: lulu husomwa tunduni

Katika Mtaa wa Gizenga, Mji Mkongwe wa Unguja, mikufu ya lulu hutundikwa bega kwa bega na shanga za plastiki, na bei haikusaidii kujua ipi ni ipi. Niliingia madukani na lenzi ya sonara, ile inayokuza mara 10, maana kila punje iliyotungwa ina tundu, na tundu ndilo linaloonyesha kilichomo ndani.

Kabla ya lenzi, nilisugua punje mbili za mkufu mmoja, taratibu. Lulu halisi hukwaruzana kidogo, kana kwamba pana mchanga laini katikati, kwa sababu lulumizi, ule mng'ao unaoijenga lulu, ni vigae vidogo mno vya chokaa vilivyopangwa tabaka juu ya tabaka. Za kuiga huteleza. Uzito ni kipimo nusu: plastiki utaijua kwa wepesi, lakini kioo kina uzito unaokaribia wa lulu. Hapo ndipo unapotazama tundu. Punje ya kioo iliyopakwa rangi huwa imebanduka ukingoni, ngozi ya rangi imenyanyuka, na ndani kioo kinang'aa. Siki na kiberiti viache: siki huila lulu halisi, nawe utalipia ulichokiharibu.

Mkufu mmoja ulipita majaribio yote.

"Kaka, hizi za wapi?"

"Za baharini, dada. Za hapa hapa Unguja."

Zilikuwa halisi, ila si za baharini. Punje zilikuwa na umbo la mchele mnene, baadhi zikiwa na pete mwilini, na ndani ya tundu weupe ulikuwa mmoja tangu ukingoni hadi katikati. Hizo ni dalili za lulu ya maji baridi, inayotoka zaidi China, hasa upande wa Zhuji katika jimbo la Zhejiang. Mfugaji huko humwekea kombe vipande vya nyama ya kombe mwingine, bila gololi, na kombe mmoja huweza kubeba lulu kwa makumi. Kwa hiyo punje nzima ni lulumizi, imara, lakini mara chache hutoka mviringo kamili.

Lulu ya kupandikizwa ya maji ya chumvi, kama akoya ya Japani, hutengenezwa vingine. Chaza huwekewa gololi iliyochongwa kwa gamba la kombe, pamoja na kipande cha nyama, naye huivika lulumizi ambayo kwa akoya kwa kawaida haifiki hata milimita 1. Tunduni utaona mstari mwembamba pale vazi linapokutana na gololi. Chaza akivunwa mapema, vazi huwa jepesi: zungusha punje chini ya taa kali, utaona milia ya gololi ikitokeza na kupotea. Tahadhari moja: siku hizi wafugaji wa maji baridi nao huweka gololi na kupata lulu kubwa za mviringo, hivyo mstari pekee hauthibitishi bahari.

Nikapanda daladala kwenda Fumba, kusini, ambako akina mama hufuga chaza. Lulu nilizoonyeshwa huko zote ni nusu lulu, na hiyo peke yake iliuweka mkufu wa Gizenga mashakani. Kazi yenyewe ni hii: chaza hufunguliwa kidogo kwa kabari, kisha nusu duara za plastiki hugandishwa kwa gundi upande wa ndani wa gamba. Akifunguliwa kupita kiasi, msuli wake huchanika na hufa. Hurudishwa baharini akining'inia kwenye kamba kwa miezi mingi, huku akisafishwa asisongwe na viumbe wanaoota juu ya gamba. Mwisho kuba, yaani nusu duara iliyokwisha kuvikwa lulumizi, hukatwa pamoja na gamba lake.

"Shikamoo mama. Nitaijuaje nzuri?"

"Marahaba mwanangu. Igeuze, kisha itazame ubavuni."

Nyuma uone gamba, na ukingoni lulumizi ipande bila ufa. Kuba likionyesha weupe mfu, usio na rangi za upinde wa mvua, vazi ni jembamba na plastiki iko karibu. Pete ya nusu lulu usioshee vyombo: iliyojazwa na kuunganishwa kwa gundi huweza kuachia.

Lulu ya asili, iliyoota yenyewe, ni suala jingine. Hukwaruza sawasawa na ya kupandikizwa, na jicho halitoshi kuzitenganisha. Kinachoamua ni eksirei, inayoonyesha pete za ukuaji au kivuli cha gololi. Bahrain, ambako biashara ya lulu za kupandikizwa imepigwa marufuku, kuna maabara ya DANAT kwa kazi hiyo. Ukibahatika kuikuta ndani ya chaza wa mwituni, usiitoboe kwanza: eksirei haihitaji tundu.