Nipo nje ya mitandao hadi tarehe 16

Kuanzia Jumatatu tarehe 3 hadi Jumapili tarehe 16 sitakuwa Facebook wala Instagram. Niko salama, nataka tu utulivu wa wiki mbili. Nimeweka tarehe ya kurudi makusudi, maana ukiandika "kwa muda" watu wa karibu huanza kuwaza mabaya.

Akaunti sizifungi. Nafuta programu kwenye simu tu, kwa hiyo picha na maoni yenu vitabaki palepale. Kuzima akaunti kungeficha ukurasa wote, na mtu angedhani nimemzuia. Tena ukizima Facebook kisha ukaitumia kuingilia programu nyingine, akaunti inawaka yenyewe na mapumziko yameishia hapo.

Ujumbe wa ndani sitauona, hata ule wa haraka. Jambo la kazi litumeni kwa barua pepe. Nitaifungua kila siku saa 3 asubuhi. Ndugu na marafiki, simu ya kawaida inapatikana.

Maoni ya chapisho hili nimeyafunga, kwani yakibaki wazi nitarudi kuyasoma jioni hiihii. Tuonane tarehe 17.