Nilivyojitoa kwenye vita ya bei ya saruji bila kufunga duka

Duka langu la hardwea lipo Kivule, Dar, na kwa miaka mitatu nilikuwa naamini saruji ndo inayolibeba. Mfuko ulikuwa unanifikia dukani kwa 14,400 ukijumlisha gari na wale vijana wa kushusha, nauza 15,000. Akaja jamaa mwenye godauni kubwa barabarani, anashusha semi nzima moja kwa moja kutoka kiwandani, mifuko 600 kwa mpigo, akaanza na 14,600. Na mimi nikashuka 14,600. Akaenda 14,400, nikaweka 14,500 nikijua wateja wangu wa karibu hawatatembea mpaka kule kwa ajili ya mia.

Kilichonidanganya ni mauzo, maana nilikuwa natoa mifuko 45 kwa siku, droo imejaa, nikaona napambana vizuri tu. Jioni moja nikakaa na daftari nikapiga hesabu, 45 mara 100 ni 4,500, na kijana wa dukani namlipa 7,000 kwa siku. Hapo sijagusa kodi, sijagusa mfuko uliochanika. Yaani kadiri nilivyokuwa na bidii ndivyo mtaji ulivyokuwa unaliwa, na bei ambayo kwangu ni hasara kwake bado ilikuwa na faida, kwa hiyo hata ningeshuka vipi nisingemfika.

Nikarudi nyuma kwenye daftari lile lile nikaangalia vitu vidogo. Elbo ya nusu inchi ya PPR, yale mabomba ya maji ya plastiki yanayounganishwa kwa kuchomelewa, nanunua 600 nauza 1,000 na hakuna hata mtu mmoja aliyewahi kuniomba punguzo. Kwanini? Kwasababu anayekuja kununua elbo moja ni fundi bomba aliyekwama saa kumi na moja jioni, ukuta umeshachimbwa, mwenye nyumba amesimama pale. Huyo anauliza ipo au haipo. Na mtaani kwetu nyumba nyingi zilikuwa zimeshapauliwa, watu wanaingiza maji, saruji walishanunua zamani.

Nikauza mifuko 120 iliyobaki kwa bei ya jamaa, sikupata faida ila nikapata kama 1,700,000 mkononi. Nikanunua mabomba ya PPR, fitingi zake kwa saizi mbili tu, milimita 20 na 25, pamoja na mashine ya kuchomelea kwa 120,000. Mashine ndo ikawa mwanzo wa kila kitu, maana mafundi wengi pale hawana ya kwao, nikatangaza ukinunua bomba na fitingi kwangu mashine unaazima bure mpaka jioni.

Hapo nilikosea. Wiki ya pili tu mashine ikarudi kichwa chake kimekwanguliwa na kisu, ile teflon imetoka, bomba likawa linaganda kwenye kichwa na jointi zinavuja, mteja akaja kunilaumu kwamba fitingi zangu feki. Nikanunua vichwa vipya na nikaacha kuazimisha, badala yake kijana wangu akafundishwa, anakwenda saiti na mashine mwenyewe, 10,000 kwa nusu siku. Alichofundishwa ni hiki: nyuzi joto 260, bomba la 20 sekunde tano, la 25 sekunde saba, ukishalichomeka usilizungushe na usiliguse kwa dakika mbili hivi. Ukichelewesha kwenye moto plastiki inavimba kwa ndani, bomba linabana, maji yanatoka kidogo na mwenye nyumba anadhani ni presha.

Kitu kingine ni kurudisha. Fundi akihofia fitingi zitabaki ananunua pungufu, halafu zile zilizopungua anakwenda kuchukua popote anapopita. Nikasema rudisha chochote ambacho hakijachomwa wala kukatwa, hela yako yote unapewa. Tangu hapo wakawa wanabeba za ziada na kwa kweli zinazorudi ni chache. Mkopo kwa mafundi nilijaribu nikaacha, niliumia kama laki mbili na nusu, fundi akimaliza saiti anahamia mtaa mwingine. Sasa hivi mkopo hakuna hata kwa fundi ninayempenda.

Mauzo ya siku yameshuka kuliko enzi za saruji, ni kweli, na mwezi wa kwanza niliogopa sana kuona duka limetulia hivyo. Ila kwenye kila elfu kumi kuna elfu tatu na kitu ya kwangu na kodi nalipa miezi sita kwa pamoja. Saruji siweki hata mfuko mmoja, akija mtu namwelekeza godauni. Mwezi uliopita fundi mmoja kaingia na karatasi yenye orodha ndefu ya fitingi, namuuliza nani kakuleta huku, akasema, "Dada, ni yule jamaa wa saruji, kasema mambo ya maji niende kwa yule mama wa kona."