Gazeti juu ya kurasa nne

Jana jioni binti wa yaya wangu, dada yangu mkubwa, alinitumia uhakiki wake wa riwaya, kurasa tano nzima, na swali moja chini: "Mama mdogo, gazeti linataka nusu ukurasa tu. Nianze kukata wapi?" Niliacha bukari ikapoa mezani. Swali hilohilo nililiuliza mimi, hapahapa Lubumbashi, mwezi wa kumi mmoja jakaranda zikiwa zimefunika barabara kwa maua, na kitabu kilikuwa Tram 83 cha Fiston Mwanza Mujila.

Nilikuwa na maneno 1,840. Jarida lilikuwa na nafasi ya 600, kwa sababu picha ya jalada ilikula robo ya ukurasa. Kwa siku mbili nilikata nikianza juu kwenda chini: sifa iliyorudiwa, "kwa kweli" zote, sentensi mbili nikazifanya moja. Nilifika 1,520, nikakwama. Kupunguza maneno ndani ya sentensi kunasafisha maandishi, lakini hakutoi theluthi mbili. Kwa kiasi kile lazima sehemu nzima ziondoke, na mtu anayeanza juu hajui bado ni zipi, kwa sababu hajaamua anaelekea wapi. Kibaya zaidi, anafika chini akiwa amechoka, na kule chini ndiko pendekezo liliko. Mimi nilikuwa nimelikamua hadi likabaki hivi: "Kwa jumla, ni kitabu muhimu kinachostahili kusomwa."

Muzee aliyekuwa mhariri alipokea kurasa zangu nne, akazilaza mezani, akazifunika kwa gazeti la jana mpaka ikaonekana aya ile ya mwisho peke yake. Akaweka kidole chini ya neno "kusomwa".

"Na nani, mama?" akauliza.

Nikaanza kueleza. Akainua mkono.

"Usinieleze mimi. Kuna mwalimu kule Katuba ana pesa za kitabu kimoja mwezi huu. Anunue, asinunue?"

Gazeti likabaki pale. Ninakumbuka hata wino wake, ulivyoacha kivuli cheusi pembeni mwa karatasi yangu. Nikiwa nimefunikiwa kila kitu nilichokiandika kwa wiki tatu, niligundua kwamba jibu ninalo, na kwamba halimo popote katika maneno 1,840. Nikachukua kalamu ya risasi, nikaandika nyuma ya ukurasa wa nne:

"Kama unasoma Kifaransa bila taabu na unakubali riwaya isonge kwa mdundo kuliko kwa matukio, nunua Tram 83, na kurasa za kwanza zisome kwa sauti. Kama unatafuta kisa kinachokushika mkono toka mwanzo hadi mwisho, azima nakala ya mwenzio usome kurasa 20 kwanza. Mwanafunzi wa sekondari asipewe peke yake: wanawake wa baa wanatazamwa humo kama miili, na hilo linahitaji mtu mzima wa kuzungumza naye."

Maneno 60 na kidogo. Muzee akayasoma mara mbili, akasema, "Sasa panda nayo juu."

Kupanda juu maana yake ni hii. Aya ile inadai mambo matatu: kwamba mdundo ndio unaobeba kitabu, kwamba matukio ni machache, na kwamba wanawake wametendewa vibaya na macho ya msimulizi. Kila dai lazima msomaji awe amelionyeshwa kabla hajafika chini. Kisichoonyesha mojawapo ya hayo matatu kinaondoka, hata kiwe kizuri namna gani.

Maneno 260 juu ya maisha ya mwandishi yakawa manne: "aliyezaliwa Lubumbashi mwaka 1981". Ulinganisho na riwaya nyingine za Kongo, maneno 310, ukaondoka wote. Ulionyesha kwamba mimi nimesoma, haukumsaidia mwalimu wa Katuba. Maelezo ya kisa yalikuwa 620, na hapo ndipo wahakiki wengi wanapozama, kwa sababu kusimulia ni rahisi kuliko kupima. Nilibakiza 130: Lucien, mwandishi, anashuka kwenye treni katika jiji la migodi lisilotajwa jina, anapokewa na Requiem, rafiki wa zamani aliyegeuka mjanja wa mtaani, na kila njia inawarudisha katika baa ile ile. Mchapishaji Mswisi, Malingeau, nilimpa nusu sentensi. Haikuhitajika zaidi ili mtu aone kwamba matukio ni machache.

Mdundo niliupa nafasi kubwa kuliko vyote, maneno 220, maana ndio unaomfanya mtu atoe pesa. Hapo nilijifunza kosa ambalo macho ya mwandishi mwenyewe hayalioni: ukikata kwa haraka, unakata mfano na kuacha dai. Mfano ni mrefu, dai ni fupi, basi mkono unakwenda kwenye mrefu. Nilikuwa nimebakiza "lugha yake inacheza kama muziki" na kufuta kilichothibitisha. Nikageuza: dai likatoka, mfano ukarudi, ule wa wasichana wanaouliza saa katikati ya mazungumzo ya watu, tena na tena, mpaka swali linakuwa kama ngoma inayopigwa nyuma ya ukuta. Msomaji akiliona hilo anasema "muziki" mwenyewe.

Lawama juu ya wanawake nilikuwa nimeiacha na sentensi moja tu, kwa kuogopa kupoza sifa. Muzee aliandika pembeni, "Ongeza." Katika kukata, ni pale peke yake tulipoongeza, hadi maneno 110. Bila hivyo, onyo la mwanafunzi wa sekondari lingetokea ghafla chini kama mtu asiyealikwa, na msomaji angeshindwa kujua limetoka wapi.

Kisha nikasoma kwa sauti kutafuta mayatima. Nilipata manne: "kama nilivyosema" ambayo haikusemwa tena, "hata hivyo" isiyo na cha kupinga, jina la mhusika ambaye utambulisho wake ulikuwa katika aya iliyofutwa, na "mwandishi huyu mwingine" aliyebaki peke yake bila mwenzake. Kwa jicho hayaonekani, kwa sababu kichwa kinajaza pengo kwa toleo la zamani. Sikio ndilo linalojikwaa.

Tulifika 612. Kabla sijaondoka, muzee alimwonyesha kijana mpangaji kurasa mahali pa kukata kama maneno yangezidi: mwisho wa aya ya kisa, na kamwe si chini. Maandishi ya habari hukatwa mkia bila hasara. Uhakiki ukikatwa mkia unabaki hadithi ya kitabu cha mtu mwingine.

Kitu kimoja bado sina uhakika nacho. Katika yale 1,840 kulikuwa na aya juu ya stesheni ya kitabuni, ile yenye vyuma visivyokamilika, na namna mtu wa Lubumbashi anavyoisoma akiwa ameikaa stesheni yetu akingoja treni isiyofika. Haikubeba dai lolote kati ya yale matatu. Niliikata. Walionisimamisha sokoni mwezi ule waliniuliza kama wanunue, na niliwajibu. Hakuna aliyeniuliza juu ya stesheni, na angeniulizaje? Aya yenyewe ninayo bado, kwenye ukurasa wa tatu wenye kivuli cha wino.

Binti nimemwandikia anitumie aya yake ya mwisho, bila nyingine. Amejibu kwamba hana uhakika kama kitabu alikipenda.