Nilivyoisoma tathmini ya ushuru wa monita zangu bandari ya Tanga

Mapema mwaka 2023 niliagiza monita 60 za kompyuta za inchi 24 kutoka China kwa ajili ya duka langu la Ngamiani. Zilikuja kwenye kontena la kuchangia hadi bandari ya Tanga. Wakala wa forodha akanitumia kwa WhatsApp picha ya tathmini pamoja na namba ya malipo: shilingi 5,694,000. Chini yake aliandika, "Dada, lipa leo tuutoe kabla gharama za kuhifadhi hazijaanza kupanda."

Kabla ya kuagiza nilikuwa nimeshapiga hesabu zangu nikapata kama milioni mbili na laki moja. Tofauti ya zaidi ya milioni tatu na nusu haiwezi kutokana na dola kupanda. Nikamwomba anitumie karatasi kamili ya TANSAD, yaani fomu ya tamko la forodha, si picha ya ukurasa wa malipo peke yake, maana ukurasa wa malipo unakwambia unadaiwa nini bila kukwambia kwa nini.

Kwenye TANSAD nilitafuta vitu vitatu tu: thamani ya forodha, kiwango cha kubadilishia dola, na namba ya fungu la ushuru, ile inayoamua bidhaa itozwe asilimia ngapi. Mengine yote yanazaliwa na hivyo vitatu. Thamani ya forodha ilikuwa shilingi 11,408,000 na dola ilihesabiwa kwa shilingi 2,300. Chini yake palikuwa na mistari minne ya malipo. Ushuru wa forodha ulikuwa 2,852,000. Tozo ya maendeleo ya reli, ambayo wakati huo ilikuwa asilimia 1.5 ya thamani ya CIF, yaani bei ya mzigo pamoja na nauli na bima, ilikuwa 171,120. Ada ya uchakataji ya asilimia 0.6 ya thamani ya FOB, yaani bei ya mzigo kabla ya nauli na bima, ilikuwa 62,100. Mwisho ilikuwapo VAT ya asilimia 18, shilingi 2,608,780.

Njia niliyotumia ni kurudi nyuma. Badala ya kuanza na bei yangu na kushuka, nilichukua namba zao nikazigawa mpaka nikafika kwenye chanzo. 11,408,000 ukigawa kwa 2,300 unapata dola 4,960. Nikafungua ankara ya muuzaji. Hakuna mahali popote penye 4,960. Ankara inasema monita 60 kwa dola 75 kila moja, jumla dola 4,500, na karibu na jumla imeandikwa CFR Tanga. Bima niliyokata ilikuwa dola 40. Kwa hiyo thamani ya CIF ilipaswa kuwa 4,540. Nikatoa 4,540 kwenye 4,960, ikabaki 420 kamili.

Hiyo 420 niliijua. Ndiyo nauli ya meli iliyoandikwa kwenye hati ya shehena, pamoja na maneno FREIGHT PREPAID, yaani muuzaji ameshailipa kule kule. CFR maana yake bei ya bidhaa na nauli mpaka bandari ya kufikia vimo ndani ya bei moja. Aliyejaza fomu alichukua 4,500 akaiweka kwenye kisanduku cha FOB, kana kwamba ni bei ya mzigo ukiwa bado bandari ya China. Halafu akasoma nauli kwenye hati ya shehena akaijumlisha tena. Nauli moja ikatozwa ushuru mara mbili. FOB halisi ilikuwa 4,500 kutoa 420, yaani dola 4,080, sawa na dola 68 kwa monita.

Kosa hili ni rahisi kulitambua ukijua pa kuangalia. Tofauti ikilingana na nauli mpaka senti ya mwisho, karibu kila mara ni nauli iliyorudiwa. Tofauti ikiwa namba ambayo hailingani na chochote kwenye makaratasi yako, kwa mfano bei ya kila kipande imepanda kutoka 68 hadi 90, hapo afisa ameikataa bei yako na kuweka nyingine, na hilo ni suala jingine kabisa.

Nauli, hata hivyo, isingeweza kuzaa milioni tatu na nusu. Dola 420 ni shilingi 966,000 za thamani, na hata kwa ushuru wa asilimia 25 ni 241,500 tu. Nikaugawa ule ushuru wa 2,852,000 kwa thamani ya 11,408,000. Jibu: asilimia 25 kamili. Hapo nikajua tatizo kubwa liko kwenye fungu, kwa sababu monita za kompyuta kwenye Kitabu cha Ushuru wa Pamoja cha Afrika Mashariki ziko kwenye asilimia sifuri.

Namba ya fungu iliyojazwa ilianza na 8528.72. Kichwa cha 85.28 kinabeba vitu viwili vinavyofanana kwa macho: monita na projekta zisizo na kipokezi cha matangazo ya televisheni, na televisheni zenyewe. Tarakimu sita za kwanza ni za dunia nzima, na Afrika Mashariki inaongeza mbili za kwake. 8528.72 ni televisheni ya rangi. 8528.52 ni monita inayoweza kuunganishwa moja kwa moja na kompyuta na iliyobuniwa kutumika nayo. Kwenye orodha ya vifurushi muuzaji alikuwa ameandika "24 inch LED display", na inaelekea mtu aliyekaa mbele ya fomu aliona inchi 24 na LED akafikiria televisheni.

Kanuni ya kwanza ya ufafanuzi wa mafungu inasema bidhaa huwekwa kwa maneno ya kichwa chenyewe na maelezo ya sehemu na sura, si kwa jina la kibiashara. Basi swali linakuwa: kifaa hiki kina tyuna ya kupokea matangazo au hakina? Kikiwa nayo ni televisheni, hata kama mteja ataitumia na kompyuta maisha yake yote. Kisipokuwa nayo, swali la pili ni kama kimebuniwa kwa ajili ya kompyuta. Tundu la HDMI peke yake halijibu lolote kati ya hayo, kwa kuwa televisheni nazo zinalo.

Nilimwandikia muuzaji anitumie karatasi ya sifa za kiufundi ya modeli ile ile iliyo kwenye ankara. Ilionyesha matundu ya VGA, HDMI na DisplayPort, hakuna tundu la antena, hakuna rimoti, na kitako kinachopanda, kushuka na kuinama ili mtu aliyekaa mezani asome vizuri. Hivyo ndivyo monita ya mezani inavyojulikana. Nikaongeza picha ya mgongo wa kifaa ambapo lebo ya modeli na matundu vinaonekana pamoja, ili mtu asiseme karatasi ni ya kifaa kingine.

Tukaenda ofisi ya forodha mimi na wakala. Afisa alikuwa mama mtu mzima. Nikamwamkia, akaitikia, nikamwekea karatasi kwa mpangilio: ankara, hati ya shehena, cheti cha bima, hati ya benki ya kutuma fedha, karatasi ya sifa. Juu kabisa niliweka ukurasa mmoja wenye hesabu mbili, ya kwao upande wa kushoto na yangu kulia.

Suala la nauli lilimchukua muda mfupi. Aliangalia CFR, akaangalia hati ya shehena, akatikisa kichwa kukubali. Kwenye bei alisita. "Mwanangu, dola 68 kwa inchi 24? Humu nina za bei ya juu zaidi." Nikamwonyesha hati ya benki: 4,500 zimetoka kwenye akaunti yangu kwenda kwa muuzaji yule yule wa kwenye ankara, na namba ya ankara imetajwa kwenye maelezo ya malipo. Kumbukumbu za bei walizonazo ni halali kwa kuzua shaka na kuuliza maswali. Lakini kifungu cha 122 cha Sheria ya Usimamizi wa Forodha ya Afrika Mashariki ya mwaka 2004 kinaelekeza kwenye Jedwali la Nne, na huko njia ya kwanza ni bei iliyolipwa au inayopaswa kulipwa kweli. Ikikataliwa, wanatakiwa kushuka kwa mpangilio: bidhaa zile zile, kisha zinazofanana, na kuendelea. Jedwali hilo hilo linakataza kutumia thamani za chini zilizopangwa au za kubuni. Sikumsomea sheria. Hati ya benki ilitosha.

Kwa fungu alitaka kuona kwa macho, na alikuwa na haki. Katoni mbili zikafunguliwa ghalani, akageuza monita, akapitisha kidole kwenye matundu, akasoma lebo. "Haina antena hii," akasema. Wakala akawasilisha maombi ya kusahihisha tamko, na tathmini mpya ikatoka.

Nayo nikaikagua kwa njia ile ile. Thamani ya CIF: 10,442,000, ambayo ukigawa kwa 2,300 ni 4,540. Ushuru: sifuri. Reli: 156,630. Ada ya uchakataji: 56,304, na hii nilihakikisha imehesabiwa juu ya 4,080 na si 4,500. VAT: 1,917,888. Jumla 2,130,822. VAT imeshuka karibu laki saba ingawa hakuna aliyeigusa, kwa sababu hutozwa juu ya thamani ikijumlishwa na ushuru na tozo zote. Ule ushuru usiostahili peke yake ulikuwa umebeba VAT ya 513,360 mgongoni.

Gharama za kuhifadhi mzigo kwa siku zilizopita nililipa mwenyewe, hizo hazirudi.

Mambo haya niliyamaliza kabla ya kulipa, na ndiyo njia nyepesi. Afisa angekataa, kifungu cha 229 cha sheria ile ile kinampa mwagizaji siku 30 tangu uamuzi kumwandikia Kamishna aupitie upya, akieleza sababu. Kamishna naye ana siku 30 za kujibu kwa maandishi, na akikaa kimya ombi linahesabiwa limekubaliwa. Kwa hiyo peleka barua yenye muhuri wa kupokelewa na utunze nakala. Aliyekwisha kulipa kimakosa anaweza kudai kurudishiwa ndani ya miezi 12 tangu siku ya malipo.

Wanaoagiza skrini kubwa za matangazo ya dukani wasidhani watapita kama mimi. Skrini ya inchi 55 isiyo na tyuna si televisheni, lakini kusema imebuniwa kwa ajili ya kompyuta kunahitaji ushahidi mzito zaidi, la sivyo inaangukia 8528.59. Kwa mzigo wa namna hiyo ni heri kuomba uamuzi wa awali wa fungu kabla ya kumlipa muuzaji.

Siku hizi namwambia muuzaji aandike nauli kwenye mstari wake kwenye ankara, ataje modeli, na kwenye maelezo ya bidhaa aandike kuwa ni monita ya kompyuta isiyo na tyuna. Wakala naye hanitumii tena namba ya malipo peke yake. Anatuma rasimu ya TANSAD kwanza, nami naigawa kabla hajaiwasilisha.