Mtaimbo Mmoja, Madaraja Mawili: Nilivyoacha Kukariri Orodha ya Nyenzo

Mpwa wangu aliponiletea daftari lake la sayansi na kuniomba nimsaidie kuchora nyenzo za madaraja matatu, nilikubali kwa majivuno, kwa kuwa mimi ni fundi wa ujenzi na mtaimbo nimeushika kwa miaka mingi kuliko umri wake. Majivuno hayo hayakumaliza hata dakika kumi.

Nilianza kama nilivyofundishwa zamani, kwa orodha: mkasi, mizani na pembea ya ubao ni daraja la kwanza, toroli ni la pili, kibanio na fagio ni la tatu. Akakariri upesi, kisha akauliza, "Mjomba, na mtaimbo je?" Nikajibu la kwanza bila kufikiri. "Mbona juzi ulipotoa jiwe uani ulikuwa unauinua juu, hukuukandamiza?" Sikuwa na jibu. Hadi leo nawalaumu walionipa ile orodha, maana inataja majina ya vifaa wakati daraja la wenzo halitokani na jina la kifaa, bali linatokana na jinsi kinavyotumika.

Tukatoka uani. Mtaimbo wangu una urefu wa sentimita 150, na jiwe lilikuwa palepale. Kwanza nilipenyeza ncha chini ya jiwe, nikaweka kipande cha tofali chini ya mtaimbo, sentimita 25 kutoka kwenye ncha, kisha nikakandamiza mwisho wa upande wangu. Tofali ndilo egemeo, jiwe ni mzigo, mkono wangu ndio jitihada, na egemeo limekaa kati ya hivyo viwili. Hilo ni daraja la kwanza. Kutoka kwenye tofali hadi mkononi ni sentimita 125, yaani mara tano ya zile 25 za upande wa jiwe. Kwa hiyo, tukiuacha kando uzito wa mtaimbo wenyewe, jiwe linaloulemea kwa uzito wa kilo 60 hunyanyuka kwa nguvu sawa na uzito wa kilo 12.

Kisha nikaondoa tofali. Nikausukuma mtaimbo mbele zaidi chini ya jiwe hadi ncha ikakita kwenye ardhi ngumu, jiwe likawa limeulalia sentimita 25 kutoka kwenye ncha, nami nikainua mwisho wangu kwenda juu. Sasa egemeo ni ile ncha iliyokita ardhini, mzigo ndio uliokaa katikati, na daraja limekuwa la pili, kama toroli ambalo gurudumu lake ndilo egemeo. Hapa urefu wa upande wa jitihada hupimwa kutoka kwenye ncha, kwa hiyo ni sentimita 150 zote, mara sita ya zile 25, na kilo 60 zilezile zinahitaji nguvu ya kilo 10 tu. Hata hivyo mgongo wangu bado unapendelea njia ya kwanza, kwa sababu unapokandamiza, uzito wa mwili wako unasaidia kazi.

Tuliporudi kwenye daftari nilimwambia asahau orodha na ajiulize swali moja tu: ni kipi kimekaa katikati? Egemeo likiwa katikati ni la kwanza, mzigo ni la pili, jitihada ni la tatu. Kwa kukumbuka mpangilio huo nilimtungia maneno "Embe Moja Jioni", na ninakiri kwamba nayaona ni werevu mkubwa. Asitazame tu kama egemeo liko mwishoni, kwa sababu liko mwishoni katika daraja la pili na la tatu pia. Hapo ndipo nami nilipokuwa nikipoteza alama shuleni.

Mishale ya kuonyesha mwelekeo wa nguvu kwenye mchoro nayo humfichua aliyekosea. Katika daraja la kwanza mshale wa mzigo na wa jitihada huelekea upande mmoja, kama nilivyokandamiza chini huku jiwe nalo likilemea chini. Katika mengine mawili hupingana.

Daraja la tatu nilimwonyesha kwa fagio la mpini mrefu: mkono wa juu umetulia na ni egemeo, mkono wa katikati unasukuma, na mzigo ni takataka huko chini. Hapa jitihada huwa kubwa kuliko mzigo. Unachopata ni mwendo mrefu na wa haraka wa ncha ya fagio. Alinisikiliza, akalichukua fagio, akautuliza mkono wa chini na kuusogeza ule wa juu, takataka zikasogea upande wa pili. "Basi hili nalo ni la kwanza," akasema, na kwenye daftari akachora fagio mara mbili.