Ninavyoandika ujumbe mrefu kwa sauti na kuusahihisha bila kugusa kioo

Barua pepe zangu za kazi ni ndefu, na nyingi ni za Kiingereza. Naziandika kwa kuzungumza na aifoni, lakini situmii ile maikrofoni iliyo kwenye kibodi. Hiyo inaandika vizuri, tatizo ni kwamba ukinyamaza sekunde 30 inajizima, na neno likikosewa unarudi kwenye vidole. Natumia Voice Control, iliyopo kuanzia iOS 13. Iko kwenye Settings, kisha Accessibility. Mara ya kwanza inapakua faili la lugha, kwa hiyo iwashe ukiwa na intaneti. Baada ya hapo usikivu wote unafanyika ndani ya simu. Kiswahili hakimo kwenye lugha zake, ndiyo maana hapa nazungumzia ujumbe wa Kiingereza tu.

Alama za uakifishi hutamkwa kama maneno mengine, bila kubadili sauti. Nikitamka hivi:

```
Dear Mwanaisha comma new paragraph
the goods arrive on Thursday period
can you tell both drivers question mark
```

napata salamu yenye mkato, aya mpya, sentensi yenye nukta na swali lenye alama yake. Herufi kubwa baada ya nukta inajiweka yenyewe. Ukitaka mstari mpya bila nafasi ya aya, sema "new line".

Kinachowashinda wengi ni pumzi. Simu inatambua amri kwa ukimya unaoitangulia na kuifuata. Ukisema "the goods arrive delete that" kwa mkupuo mmoja, maneno yote matano yanaweza kuandikwa kama maandishi. Nyamaza kidogo, sema "Delete that", nyamaza tena. Na amri yenyewe isikatike katikati: ukisita baada ya "Replace Tuesday" ukitafuta neno la kuweka, utakuta "Replace Tuesday" imeandikwa ndani ya barua. Kwa hiyo fikiria amri nzima kwanza, ndipo ufungue mdomo. Ikiharibika, "Undo that" inarudisha hali ya awali.

Tuseme siku imeandikwa Tuesday badala ya Thursday. Maneno haya mawili yanakaribiana kwa sauti, na kulirudia neno moja peke yake mara nyingi huleta kosa lilelile, kwa sababu simu hukisia neno kwa kuangalia majirani zake. Mimi huchukua kipande kirefu zaidi:

```
Replace arrive on Tuesday with arrive on Thursday
```

Kipande kirefu pia kinapunguza mkanganyiko pale neno linapojirudia kwenye barua. Likiwa sehemu zaidi ya moja, simu huweka namba juu ya kila moja, nawe unataja namba unayoitaka. Neno lililokosewa kwa herufi chache tu, sema "Correct" ukifuatisha neno hilo, halafu uchague kwenye orodha ya mapendekezo, nayo kwa namba.

Majina yetu ndiyo mtihani. Mwanaisha linaweza kutokea kama "Mona Isha". Hapo "Replace" haisaidii, maana jina litasikika vibaya tena. Nasema "Select Mona Isha", kisha "Spelling mode", halafu nataja herufi moja moja. Herufi zinazofanana kwa sauti, kama M na N, nazitaja kwa majina yake ya redio: Mike, November. Nikimaliza nasema "Dictation mode", nalichagua jina tena na kusema "Capitalize that". Kazi hiyo inachosha, kwa hiyo jina ninalolitumia kila wiki naliingiza mara moja kwenye Vocabulary, ndani ya mipangilio ya Voice Control.

Ujumbe ukishakamilika, nahamia "Command mode" kabla ya kuanza masahihisho. Katika hali hiyo simu inatii amri tu. Amri isiyosikika vizuri inapuuzwa badala ya kuandikwa katikati ya barua. Naona wengi hawaigusi kabisa, na mimi naiona ndiyo inayookoa muda kuliko zote. Kumbuka tu kurudi "Dictation mode" ukitaka kuongeza sentensi, la sivyo utazungumza na kioo kisichoandika kitu na kudhani maikrofoni imekufa.

Mtu akiingia chumbani, sema "Go to sleep" kabla ya kumsalimia, maana maikrofoni iko wazi muda wote na salamu zitaingia kwenye barua. "Wake up" inaiamsha. Nikisharidhika na maandishi nasema "Tap Send". Kitufe kikiwa ni picha isiyo na jina, "Show numbers" inaweka namba juu ya kila kitufe, nami nasema "Tap" na namba yake.