Video ya kuchangisha vichanja vya dagaa

Leo nimemaliza maneno nitakayosema mbele ya kamera. Nikisoma bila haraka, ni dakika mbili na nusu. Kila sentensi iliyonikata pumzi nimeigawa mara mbili, maana atakayenisikiliza hatakuwa na karatasi mkononi.

Sianzi na jina langu wala la kikundi. Naanza hivi: "Saa nane mchana, mvua imeshuka mwaloni, na dagaa wa mama huyu wako mchangani." Mtu wa Mwanza au Musoma ataelewa papo hapo. Dagaa wamevuliwa usiku kwa taa, wameanikwa asubuhi, na walihitaji jua la siku moja tu. Sasa wamelowa, wanaanza kunuka, na mnunuzi atawachukua kwa bei ya chakula cha kuku. Kuna picha za mama akilia siku ile. Sitaziweka. Nataka anayetazama aone mikono yake ikikusanya dagaa kwa ufagio na beseni, basi. Huzuni ipo tayari kwenye ile kazi, na heshima yake inabaki.

Sehemu ninayoipenda ni glasi mbili za maji. Moja natia konzi ya dagaa wa mchangani, nyingine konzi ya dagaa wa kichanja, nakoroga, nanyamaza. Mchanga unatua chini ya glasi ya kwanza. Hapo ndipo moyo wa mtazamaji unapogeuka kutoka kuhurumia hadi kutaka kusaidia, kwa hiyo kichanja kinaingia papo hapo: miti, wavu uliotandazwa usawa wa kiuno, upepo unapita chini, na mvua ikija turubai linafunika kwa dakika chache. Nasema wazi pia kwamba masika yakikaza, siku nzima bila jua, kichanja hakikaushi.

Halafu ombi. Hili nimeliandika nikiwa nimekaa wima, kwa sababu hapa ndipo wengi tunapoona haya na kusema "chochote ulichojaliwa". Mimi nasema: "Tunahitaji shilingi 4,800,000 kabla ya mwisho wa mwezi. Kichanja kimoja ni 150,000, tunajenga 30, na 300,000 ni makato ya miamala. Ukitoa 15,000 umelipia sehemu ya kumi ya kichanja. Tuma leo, namba iko hapo chini." Nikishasema hivyo nanyamaza na namba inabaki kwenye kioo, mtu apate muda wa kuchukua simu.

Dada yangu ameniuliza, zisipotimia je? Nimeongeza sentensi: zikifika nusu, tunajenga 15, na watakaoanza ni wajane wa kikundi, kama tulivyokubaliana kikaoni. Akaunti ni ya kikundi, inatoa fedha kwa sahihi za watu watatu, na hilo nalo nitalisema nikiitazama lenzi.